Nifike uwanja wa ndege saa ngapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu safari za ndani na za nje

Nimekaa nyuma ya kaunta ya kusajili abiria kwa miaka kadhaa, na kila wiki nilimwona mtu akikimbia na sanduku lake, jasho likimtiririka, kisha anaambiwa kaunta imefungwa. Ndege yake bado aliiona dirishani. Wengi wao hawakuwa wazembe. Walihesabu vizuri, ila walianzia saa ambayo siyo. Majibu yaliyo hapa chini ni yale niliyokuwa nikiwapa jamaa na marafiki waliponiuliza kabla ya kusafiri.

Kwa kifupi, nifike mapema kiasi gani?

Kama hujui chochote kuhusu uwanja unaoondokea, fika saa mbili kabla kwa safari ya ndani ya nchi na saa tatu kabla kwa safari ya nje. Hicho ndicho kipimo ambacho mashirika mengi ya ndege huwapa abiria wao, na ni kipimo kizuri.

Lakini ni kipimo cha wote. Kimekatwa kumtosha mwenye masanduku matatu na watoto wawili, na kimekatwa kumtosha pia kijana mwenye begi moja la mgongoni. Huyu wa pili, kwa safari ya ndani, mara nyingi saa moja na robo inamtosha kabisa. Yule wa kwanza, kwa safari ya nje, saa tatu zinamtosha kwa shida katika siku yenye abiria wengi. Ndiyo maana ni afadhali ujue namna ya kuhesabu muda wako mwenyewe.

Saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni saa ya nini hasa?

Ni saa ambayo ndege inatakiwa ianze kusogea kutoka mahali ilipoegeshwa, milango ikiwa imeshafungwa na kila abiria amekaa. Si saa ya kupanda, na wala si saa ambayo magurudumu yanaacha ardhi.

Kwa hiyo kuna saa mbili nyingine zinazokuja kabla yake, na hizo ndizo zinazomwacha mtu. Ya kwanza ni saa ya kufunga kaunta, yaani mwisho wa kupokea mizigo na kusajili abiria. Kwa safari za ndani mara nyingi hufungwa dakika 30 hadi 45 kabla ya saa ya kuondoka, na kwa safari za nje kwa kawaida ni dakika 60, ingawa kuna mashirika yanayofunga mapema zaidi. Ya pili ni saa ya kufunga geti. Hii mara nyingi ni dakika 15 hadi 20 kabla ya kuondoka, na kwa baadhi ya safari ndefu huwa mapema zaidi ya hapo.

Saa hizi mbili zimeandikwa kwenye masharti ya tiketi yako au kwenye pasi ya kupandia ndege. Zitafute, uzinakili kwenye simu, kisha uisahau ile saa kubwa ya kuondoka. Haina kazi tena kwako mpaka utakapokuwa umeketi.

Kwa nini kaunta ifungwe saa nzima kabla wakati ndege ipo pale pale?

Hili liliwauma watu kuliko yote, na ninawaelewa. Mtu anaona ndege, anaona mhudumu amesimama, na anaona mkanda wa mizigo unazunguka. Anadhani amenyimwa kwa ukaidi.

Sanduku likiondoka kwenye mizani lina safari yake. Linapita kwenye mashine ya kukagua, na likionekana na kitu chenye shaka linatolewa pembeni kukaguliwa tena. Linapangwa pamoja na mizigo ya ndege hiyo, linapakiwa kwenye mikokoteni, linavutwa hadi kwenye ndege na kupangwa ndani. Wakati huohuo kuna mtu anayepiga hesabu ya uzito wote na namna ulivyogawanyika ndani ya ndege, kwa sababu rubani anaihitaji hesabu hiyo kabla ya kuondoka. Hesabu hiyo haiwezi kufungwa huku mizigo ikiendelea kuongezeka.

Jambo la pili ni usalama. Kwa safari za kimataifa, sanduku halitakiwi kusafiri ikiwa mwenye sanduku hakupanda. Somo hili lilinunuliwa kwa damu. Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India, safari namba 182, ililipuka angani karibu na Ayalandi na kuua watu wote 329 waliokuwamo. Bomu lilikuwa kwenye sanduku ambalo mwenyewe hakupanda. Ndiyo maana abiria aliyekabidhi mzigo asipotokea getini, wapakiaji huingia tumboni mwa ndege kulitafuta sanduku lake kati ya mamia na kulishusha. Kazi hiyo inataka muda, na muda huo unatoka kwenye zile dakika za kati ya kufunga geti na kuondoka.

Nahesabuje muda wangu kwa safari ya ndani?

Anzia mwisho, urudi nyuma. Tuchukue safari ya ndani inayoondoka 07:10, yaani saa moja na dakika kumi asubuhi, na tuseme geti linafungwa dakika 15 kabla, ambayo ni 06:55.

Huna sanduku la kukabidhi na umeshajisajili mtandaoni. Kutoka ukaguzi wa usalama hadi getini weka dakika 10 za kutembea. Ukaguzi wenyewe na foleni yake weka dakika 25, kwa sababu asubuhi ndege nyingi huondoka kwa mkupuo. Umefika 06:20. Weka dakika 5 za kushuka kwenye gari na kuingia ndani, na umepata 06:15. Huo ndio mstari wako: dakika 55 kabla ya kuondoka. Mimi ningeongeza dakika 20 za dharura na kufika 05:55, saa kumi na mbili kasoro dakika tano.

Sasa ongeza sanduku moja. Kaunta inafungwa dakika 40 kabla, yaani 06:30. Foleni ya kaunta weka dakika 20, na mlangoni, kwa kuwa unakokota mzigo, weka 10. Ukihesabu kutoka kufungwa kwa kaunta unapata 06:00. Lakini ukihesabu kutoka kufungwa kwa geti unapata jambo jingine: 06:55, toa 10 za kutembea, toa 25 za ukaguzi, toa 20 za kaunta, toa 10 za mlangoni, na jibu ni 05:50.

Hesabu mbili, majibu mawili. Chukua lile la mapema zaidi. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu wanaamini kwamba wakiwahi kaunta wamewahi kila kitu. Ukikabidhi sanduku dakika moja kabla ya kaunta kufungwa, sanduku lako litafika kwenye ndege kabla yako.

Safari ya nje inaongeza nini?

Inaongeza vizuizi viwili. Cha kwanza ni ukaguzi wa hati kwenye kaunta yenyewe, cha pili ni uhamiaji.

Watu hufikiri pasipoti na viza ni kazi ya maofisa wa uhamiaji peke yao. Shirika la ndege nalo lina kesi hapo. Likimbeba mtu asiye na hati za kuingia anakokwenda, nchi nyingi hulitoza faini na kulitaka limrudishe. Kwa hiyo mhudumu wa kaunta anatazama tarehe ya mwisho ya pasipoti, viza, tiketi ya kurudi pale inapotakiwa, na masharti ya nchi unayopitia njiani. Nchi kadhaa hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi sita mbele. Mhudumu akiwa na shaka huangalia kwenye mfumo au humwita msimamizi wake, na hapo wewe uliye nyuma unasubiri.

Tupige hesabu ya familia ya watu wanne, masanduku manne, ndege inaondoka 23:40, saa tano na dakika arobaini usiku. Kaunta inafungwa dakika 60 kabla, 22:40. Geti linafungwa dakika 20 kabla, 23:20.

Kutoka kaunta: foleni dakika 50, kupanga upya sanduku lililozidi uzito dakika 15, mlangoni na kutafuta kigari cha mizigo dakika 15. Toa zote kwenye 22:40 na unapata 21:20.

Kutoka geti: kutembea dakika 15, ukaguzi wa usalama 30, uhamiaji 30. Hizo peke yake zinakurudisha 22:05. Maana yake ni kwamba familia hii inatakiwa iwe imemalizana na kaunta saa nne na dakika tano usiku, ingawa kaunta itabaki wazi kwa dakika 35 zaidi. Endelea kutoa: 50 za foleni, 15 za kupanga upya, 15 za mlangoni, na unafika 20:45, saa tatu kasoro robo usiku.

Tazama ulipofika. Kutoka 20:45 hadi 23:40 ni saa tatu kasoro dakika tano. Zile saa tatu zinazosemwa kila siku zimetoka kwenye hesabu kama hii, na kwa familia kama hii hazina hata dakika ya kupoteza. Kwa hiyo mimi ningewaambia wawe mlangoni 20:15, saa mbili na robo usiku.

Muda wa barabarani haumo humu. Huo unauhesabu wewe, kwa siku mbaya na si kwa siku nzuri.

Nitajuaje foleni itakuwa ndefu kiasi gani kabla sijafika?

Hutajua kwa uhakika, ila unaweza kukaribia. Tazama orodha ya ndege zinazoondoka siku yako, ambayo viwanja vingi huiweka mtandaoni, na uhesabu ni ngapi zinaondoka ndani ya saa moja kabla na saa moja baada ya yako. Ukaguzi wa usalama na uhamiaji ni vya wote. Ndege yako inaweza kuwa ndogo ya watu 50, lakini ikiwa imebanwa katikati ya ndege tatu kubwa, utapanga foleni na abiria wa hizo kubwa. Kinyume chake pia ni kweli: ndege kubwa inayoondoka peke yake katikati ya mchana haina msongamano kama unavyoogopa, isipokuwa kwenye kaunta yake yenyewe.

Ukishafika na kuiona foleni, hesabu makundi na si vichwa. Familia ya watu watano husajiliwa pamoja, kwa hiyo ni kundi moja, ingawa inachukua muda kuliko mtu mmoja. Chukua idadi ya makundi yaliyo mbele yako, gawa kwa idadi ya kaunta zilizo wazi, kisha zidisha kwa dakika za kila kundi. Kwa uzoefu wangu, safari ya ndani kundi huchukua dakika mbili au tatu, na safari ya nje dakika nne au tano. Makundi 30, kaunta tatu, dakika tano: ni dakika 50. Hesabu hiyohiyo kaunta zikiwa tano inashuka hadi dakika 30, na ndiyo sababu ni vema kutazama ni wahudumu wangapi wamekaa kweli, si ni kaunta ngapi zimewashwa taa.

Halafu kuna kundi moja lenye tatizo. Viza haisomeki, jina la tiketi halilingani na la pasipoti, au uzito umezidi na kadi ya benki imekataa. Kundi hilo linaweza kuikalia kaunta dakika 15 au zaidi. Pale ambapo foleni moja inalisha kaunta zote, hasara hiyo inagawanywa kwa wote. Pale ambapo kila kaunta ina foleni yake, inawaangukia walio nyuma yake tu. Ukiwa na mwenzio katika foleni za aina ya pili, simameni kila mmoja kwenye yake mpaka mjue ipi inasogea.

Nimeshajisajili mtandaoni. Bado nina haja ya kuwahi?

Kujisajili mtandaoni, ambako kwa mashirika mengi hufunguliwa saa 24 au 48 kabla, kunakupa kiti na pasi ya kupandia. Hakukabidhi sanduku lako wala hakukupitishi kwenye foleni ya ukaguzi.

Ukiwa huna mzigo wa kukabidhi na safari ni ya ndani, unaipita kaunta moja kwa moja, na hapo kweli umeokoa muda. Ukiwa na sanduku, unakwenda kwenye foleni ya kukabidhi mizigo, ambayo kwa kawaida ni fupi kuliko ile nyingine, lakini inafungwa wakati uleule. Watu wengi walinionyesha simu zao zenye pasi ya kupandia na kusema, "Dada, mimi tayari nimesajiliwa." Ni kweli wao walikuwa wamesajiliwa. Sanduku halikuwa limesajiliwa.

Na kwa safari ya nje, angalia pasi yako vizuri. Ikiandika kwamba hati zako hazijathibitishwa, au mfumo ukikataa kukupa pasi na kukutaka ufike kaunta, panga muda wako kama mtu ambaye hakujisajili kabisa.

Mizigo hasa ndiyo inayochelewesha vipi?

Kwa uzito kwanza. Kiwango cha kawaida cha daraja la chini kwenye tiketi nyingi za kimataifa ni kilo 23 kwa sanduku, na mashirika mengi hayapokei sanduku moja lenye zaidi ya kilo 32 hata ukilipia, kwa ajili ya migongo ya wapakiaji. Sanduku la kilo 34 halina njia ila kufunguliwa na kugawanywa. Nimeona watu wakifungua masanduku sakafuni, nguo za ndani zikimwagika mbele ya umati, na foleni waliyoisimamia dakika arobaini ikiwapita. Pima nyumbani. Mizani ndogo ya kuning'iniza sanduku inatosha, na usipokuwa nayo, simama kwenye mizani ya kawaida bila sanduku, kisha ukiwa umelibeba, na utoe.

Pili ni vilivyomo ndani. Pawabenki na betri za akiba haziruhusiwi kwenye mizigo ya tumboni. Zinakwenda nawe kwenye begi la mkononi. Ukiulizwa kaunta na ukakumbuka kwamba ziko chini kabisa ya sanduku, umepoteza dakika tano. Ukisahau na mashine ikaziona, unaweza kuitwa wakati umeshafika mbele. Vimiminika ni kinyume chake: kwenye begi la mkononi, viwanja vingi bado vinataka kila chupa isizidi mililita 100. Chupa kubwa ya mafuta au manukato inayokutwa kwenye ukaguzi itakurudisha kaunta au itabaki pale.

Tatu ni mizigo isiyo ya kawaida, kama baiskeli, gari la mtoto au sanduku refu la ala ya muziki. Mara nyingi haipiti kwenye mkanda wa kawaida. Unapewa lebo kaunta, kisha unatumwa sehemu nyingine kuikabidhi. Ongeza dakika 20. Aliyeomba kiti cha magurudumu, anayesafiri na mtoto mchanga, na mzazi anayempeleka mtoto atakayesafiri peke yake, nao waongeze kiasi hichohicho, kwa kuwa kuna fomu au mtu wa kusubiriwa.

Ndege yangu ya kwanza ni ya ndani, kisha naunganisha kwenda nje. Nifuate kipimo kipi?

Ikiwa ni tiketi moja, fuata cha nje. Hati zako zitakaguliwa kwenye kaunta ya kwanza, na sanduku litabandikwa lebo ya mwisho wa safari, kwa hiyo kaunta hiyo ndogo ya safari ya ndani inafanya kazi ya safari ya nje. Uliza pia sanduku utalipokea wapi, maana ziko nchi, Marekani ikiwemo, ambazo kwa kawaida hukutaka ulichukue kwenye uwanja wa kwanza unaoingilia, ulipitishe forodhani na ulikabidhi upya.

Ikiwa ni tiketi mbili ulizonunua kando kando, hali ni nyingine kabisa. Shirika la pili halijui kwamba unakuja na ndege fulani. Ndege ya kwanza ikichelewa, kwa shirika la pili wewe ni abiria ambaye hakutokea. Na unaposhuka unasubiri sanduku lako, unatoka nje, unahamia jengo jingine pengine, na kuanza foleni upya. Kwa hiyo zile saa tatu unazihesabu kuanzia unapolishika sanduku mkononi, na siyo tangu ndege ya kwanza inapotua. Mimi binafsi kwa tiketi za namna hiyo sikubali chini ya saa sita kati ya ndege mbili, na ndege ya pili ikiwa ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo, nalala huko tangu jana yake.

Je, nikifika saa tano au sita kabla, nimejiokoa zaidi?

Si sana. Kaunta nyingi za safari za nje hufunguliwa karibu saa tatu kabla ya kuondoka, na kabla ya hapo utakaa na masanduku yako ukiyalinda. Katika baadhi ya viwanja hutaruhusiwa hata kuingia ndani mapema kiasi hicho. Isitoshe, walio mapema sana hujipanga kabla kaunta haijafunguliwa, kwa hiyo ukifika dakika ileile ya kufunguliwa utakuta foleni imeshasimama.

Ubaya wa kweli wa kuwahi mno ni kwamba mtu huzubaa. Anajua ana muda, anakaa upande wa nje na waliomsindikiza, wanapiga picha, wanaombeana dua, na ghafla jina lake linaitwa kwenye kipaza sauti. Kuagana kufanyike kabla ya kaunta au baada ya kukabidhi mizigo, lakini kuwe na dakika maalumu ya kukatisha. Ukishakabidhi, ingia.

Tiketi yangu inasema 00:30 tarehe 15. Niende lini?

Unakwenda tarehe 14 jioni. Naomba usome hapa taratibu, maana kosa hili halina dawa: aliyelikosea hakuchelewa dakika kumi, amechelewa siku nzima.

00:30 tarehe 15 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 15. Kwa safari ya nje unatakiwa uwe uwanjani 21:30 tarehe 14, yaani saa tatu na nusu usiku. Mtu akisoma "tarehe 15" peke yake, anakula chakula cha jioni nyumbani tarehe 15 na kufika uwanjani usiku huo akiwa na furaha zake, wakati ndege yake imeondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Nimewapokea watu wa namna hii kaunta zaidi ya mara moja, na hakuna kilichonipa uchungu kama kuwaeleza.

Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tuna mtego mwingine juu ya huo. Tiketi inahesabu kuanzia usiku wa manane, sisi tunahesabu kuanzia mapambazuko na machweo. 08:00 kwenye tiketi ni saa mbili asubuhi, na wala si saa nane. Saa nane mchana ni 14:00. Ukimpigia simu dereva au mjomba atakayekupeleka, usimwambie "tiketi inasema nane." Mwambie saa kwa Kiswahili, taja na sehemu ya siku, kisha umwombe akurudishie. Na saa zote kwenye tiketi ni za mahali pale ndege inapoondokea au inapotua, kwa hiyo huna haja ya kubadilisha chochote.

Nimeshachelewa, niko njiani. Nifanye nini?

Kama bado hujajisajili na simu yako ina mtandao, jisajili sasa hivi humo garini, mradi mfumo haujafungwa. Kisha pigia shirika la ndege kabla ya saa ya kuondoka. Hili la pili watu hawalijui. Abiria asiyetokea bila taarifa, kwa tiketi nyingi, hufutiwa na safari zote zilizobaki kwenye tiketi hiyo, pamoja na ile ya kurudi. Aliyepiga simu kabla anaweza kuhamishiwa ndege nyingine kwa gharama ndogo zaidi, kulingana na aina ya tiketi yake.

Ukifika, usijipange nyuma ya foleni kimya kimya kwa aibu. Nenda mbele kwa adabu, mtafute mhudumu aliyesimama na si aliyeketi, na umwambie namba ya ndege na saa yake. Wahudumu hutaka kuwaondoa abiria wa ndege inayofungwa, na mara nyingi tulipita kwenye foleni tukiwaita kwa sauti. Aliyekaa kimya na vipokea sauti masikioni ndiye tuliyemkosa.

Kaunta ikiwa imeshafungwa, angalia ulichobeba. Kama umejisajili mtandaoni na hati zako zimethibitishwa, kinachokuzuia ni sanduku tu. Mwenye ndugu aliyemsindikiza anaweza kumwachia sanduku, akachukua dawa, hati na nguo za siku mbili kwenye begi la mkononi, na kuelekea ukaguzi wa usalama bila kugeuka. Angalia saa ya geti kabla ya kuamua. Zikiwa zimebaki dakika 25 na safari ni ya ndani, jaribu. Zikiwa zimebaki dakika 15 na mbele yako kuna uhamiaji, nenda moja kwa moja kwenye ofisi ya tiketi ya shirika lako uulize ndege inayofuata, kabla viti vyake havijachukuliwa na wengine waliochelewa pamoja nawe.